Kanvasi ya biashara au mchanganuo kamili: lini ukurasa mmoja unatosha

Mashine moja ya kukamua alizeti, iliyofungwa kwenye banda moja mkoani Singida, inaweza kuendesha biashara mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni kukamulia watu: mkulima analeta magunia yake, unamkamulia, anakulipa kwa kilo, anaondoka na mafuta na mashudu yake. Ya pili ni kununua alizeti wakati wa mavuno, kuihifadhi ghalani, kuikamua kidogo kidogo na kuuza mafuta madukani kwa jina lako.

Ukizichora zote mbili kwenye kanvasi ya biashara, michoro itakaribiana sana. Mashine ni ile ile, fundi ni yule yule, umeme ni ule ule. Hata hivyo biashara ya kwanza inaweza kuanza kwa ukurasa mmoja tu, na ya pili ukiianza kwa ukurasa mmoja unaweza kufika Agosti ghala limejaa, mfukoni hamna kitu, na marejesho ya mkopo yamefika. Sababu ni moja: kanvasi haina kalenda. Inaonyesha pesa inatoka wapi na inaingia wapi, lakini haionyeshi lini. Mwongozo huu unafuata mashine hiyo moja ili uone mahali hasa ukurasa mmoja unapoishia. Bei zote humu ni za mfano. Weka za kwako.

Kwanza, tenganisha karatasi tatu

Watu wengi huchanganya vitu vitatu, na mkanganyiko huo ndio unaowafanya wapeleke karatasi isiyofaa mahali pasipofaa.

Kanvasi ni ukurasa wenye visanduku tisa. Mpangilio wake unatokana na tasnifu ya Alexander Osterwalder aliyoiandika Lausanne, Uswisi, mwaka 2004. Ni karatasi ya kufikiria: inabandikwa ukutani, inafutwa, inabandikwa upya. Mtu ambaye hakuwepo mlipoijaza haielewi vizuri, kwa sababu ina maneno mawili matatu kila mahali bila sentensi ya kuyaunganisha.

Muhtasari wa ukurasa mmoja ni karatasi ya kusomwa. Una sentensi kamili na namba chache, na msomaji anaweza kuumaliza kwa dakika tatu bila wewe kuwepo.

Mchanganuo wa biashara ni andiko la kurasa kumi hadi kumi na tano pamoja na viambatanisho, na moyo wake ni jedwali la pesa la mwezi kwa mwezi. Maneno mengine yote yapo kulieleza na kulitetea jedwali hilo.

Hatua ya 1: Jaza kanvasi, ukianzia kulia

Chukua manila moja kubwa na karatasi ndogo za kubandika. Ukikosa za kubandika, kata karatasi za kawaida na utumie gundi ya karatasi. Kanvasi hupangwa hivi: washirika kushoto kabisa, kisha shughuli muhimu na rasilimali muhimu, thamani unayompa mteja katikati, halafu mahusiano na njia za kumfikia, na makundi ya wateja kulia kabisa. Chini, gharama upande wa kushoto na mapato upande wa kulia.

Anza na wateja, kisha thamani, kisha njia, mahusiano na mapato. Upande wa kushoto ufuate baadaye. Wanaoanza na rasilimali, yaani wanaoanza na mashine waliyonayo, huishia kuitafutia mashine mteja badala ya kumtafutia mteja huduma anayoihitaji.

Kila karatasi ibebe dai moja, na inapowezekana ibebe namba. Kwa biashara ya kukamulia watu, sanduku la wateja lisiseme "wakulima wote wa alizeti". Liseme: "Wakulima walio ndani ya kilomita 15, wenye magunia 5 hadi 40, wanaokamua kwa ajili ya nyumbani na kuuza kidogo." Andika pia kundi la pili, kama lipo, kwa rangi nyingine: "Akina mama wa sokoni wanaonunua alizeti na kuja kukamulisha ili wauze mafuta." Kisha fuata kila rangi sanduku kwa sanduku. Rangi ikifika kwenye thamani lakini isifike kwenye mapato, hilo ni kundi unalolihudumia bure.

Sanduku la thamani ndilo linalojazwa ovyo kuliko yote. "Mafuta bora" hayamsaidii mkulima aliyeleta mbegu zake mwenyewe, kwa kuwa ubora wa mafuta yake unatokana kwa kiasi kikubwa na mbegu hizo. Anachokitaka kwako ni kutosubiri siku nzima, mbegu zake zisichanganywe na za mtu mwingine, mizani ionekane, na mashudu yake arudishiwe yote. Andika hayo manne. Kila moja litakuambia kitu cha kuweka upande wa kushoto: ratiba ya foleni, kusafisha mashine kati ya mteja na mteja, na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Kwenye washirika, weka wale tu ambao wakiondoka kazi inasimama: fundi anayejua kujenga upya vyuma vya kukamulia vilivyolika, na mwenye banda. Usijaze majina ya taasisi kwa sababu yanapendeza.

Kwenye gharama na mapato sasa fanya hesabu ya siku moja. Tuseme mashine inakamua kilo 125 kwa saa, na siku ya saa 8 inatoa tani moja. Unatoza shilingi 100 kwa kilo. Siku iliyojaa inaingiza 100,000. Umeme tuweke 30,000, vibarua wawili 20,000, akiba ya vipuri 10,000. Jumla ni 60,000 kwa tani, inabaki 40,000. Kwa siku 25 inabaki milioni moja, ukitoa pango la 200,000 zinabaki 800,000 kwa mwezi wa msimu. Hesabu hii yote inaingia kwenye kanvasi bila shida, kwa sababu siku moja inafanana na nyingine, na pesa ya leo inalipwa leo.

Hatua ya 2: Weka alama kwenye makisio, kisha yapime

Pitia karatasi zote kwa kalamu nyekundu. Kila dai ambalo hujalishuhudia kwa macho au kwa risiti, weka alama ya kuuliza. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya karatasi zitapata alama, na hapo ndipo kanvasi inapolipa muda wako. Usipime zote. Chagua mbili au tatu ambazo zikiwa za uongo biashara haipo.

Kwa mashine hii ni mbili. Ya kwanza ni idadi ya kilo kwa siku. Nenda kwenye mashine iliyo karibu zaidi na unapotaka kufunga yako, siku ya gulio na siku isiyo ya gulio, ukahesabu magunia yanayoingia na watu wanaoondoka bila kuhudumiwa. Ya pili ni kiasi cha mafuta. Nunua kilo 100 za alizeti ya eneo lako, lipia kukamuliwa mahali pengine, kisha pima mafuta baada ya kuchujwa na mashudu yaliyotoka. Mafuta yanayotoka tu kwenye mashine yana tope, na ukiyapima kabla ya kuchuja utajidanganya.

Katika mfano wetu tutachukulia kwamba kilo 100 zinatoa lita 25 za mafuta yaliyochujwa na kilo 65 za mashudu. Kinachobaki ni tope, takataka na unyevu.

Hatua ya 3: Andika tarehe kwenye visanduku viwili vya chini

Hii ndiyo hatua inayoamua kama utaishia kwenye ukurasa mmoja. Kwenye kila karatasi ya gharama, andika siku pesa inapotoka. Kwenye kila karatasi ya mapato, andika siku pesa inapoingia mkononi. Siku ya kupeleka mzigo haihesabiki. Halafu hesabu siku zilizo katikati.

Kukamulia watu: umeme unanunuliwa asubuhi, kibarua analipwa jioni, mkulima analipa kabla ya kubeba madumu yake. Pengo ni saa chache.

Kununua na kuhifadhi: alizeti inalipwa Juni na Julai. Sehemu ya mafuta yatakayotokana nayo itauzwa Desemba kwa duka linalolipa Januari. Pengo linafika miezi sita au saba.

Sasa jibu maswali matatu. Je, pengo ni zaidi ya mwezi mmoja? Je, kuna pesa ya mtu mwingine ndani? Je, kuna mtu atakayeamua juu ya biashara hii wewe ukiwa haupo chumbani? Majibu yote yakiwa hapana, kanvasi na muhtasari wa ukurasa mmoja vinatosha, na wiki tatu za kuandika mchanganuo ni bora uzitumie kutafuta wateja. Jibu la kwanza likiwa ndiyo, tengeneza jedwali la pesa hata kama mtaji wote ni wako na hakuna atakayelisoma zaidi yako. La pili au la tatu likiwa ndiyo, andika mchanganuo mzima.

Kuna hali moja ya katikati. Mwenye banda, mjomba anayefikiria kukuongezea mtaji, au afisa unayetaka tu akupe miadi, hawa hupewa muhtasari kwanza. Muhtasari unaomba mazungumzo. Mchanganuo unaomba uamuzi.

Hatua ya 4: Andika muhtasari wa ukurasa mmoja

Usiifupishe kanvasi wala usiinakili. Andika aya tano fupi, jumla maneno 300 hadi 400: tunafanya nini na kwa nani, kwa nini waje kwetu, hesabu ya kipimo kimoja (siku, tani, au dumu), nani anaendesha, na tunaomba nini. Aya ya hesabu ndiyo inayosomwa mara mbili, kwa hiyo iandike kwa namna hii:

"Mashine inakamua tani 1 kwa siku. Tunatoza shilingi 100 kwa kilo. Kila tani inagharimu 60,000 kukamua na inabakiza 40,000. Pango ni 200,000 kwa mwezi, kwa hiyo tunahitaji tani 5 kwa mwezi ili tulipe pango, na tulihesabu wastani wa kilo 700 zinazopotea kila siku kwenye mashine ya jirani kwa sababu ya foleni."

Angalia sentensi ya mwisho. Tani 5 ni 200,000 gawanya kwa 40,000, na msomaji anaweza kuikagua mwenyewe. Kilo 700 hapa ni namba ya mfano. Ya kwako lazima itoke kwenye hatua ya 2. Muhtasari usio na namba iliyopimwa huonekana mara moja, kwa sababu mahali pake huwa pameandikwa "soko ni kubwa".

Makosa mengine mawili ya kuangalia: kupunguza ukubwa wa herufi ili kurasa tatu ziingie kwenye moja, na kuacha ombi lisisemwe. "Tunaomba ushirikiano" haliwezi kukubaliwa wala kukataliwa. "Tunaomba kupangishwa banda kwa miaka miwili, kodi ilipwe kila miezi mitatu" linaweza.

Kama utabaki kwenye kukamulia watu kwa mtaji wako, kuandika kunaishia hapa. Leseni ya biashara ya halmashauri na TIN ya TRA utavihitaji, lakini havihitaji mchanganuo.

Hatua ya 5: Biashara ya pili, na jedwali la mwezi kwa mwezi

Sasa tuseme unataka kununua tani 30. Kwanza hesabu ya jumla, ile ambayo hata kanvasi ingeionyesha.

Alizeti kwa shilingi 800 kwa kilo ni 24,000,000. Magunia 500 kwa 1,000 ni 500,000. Usafiri kwa 50 kwa kilo ni 1,500,000. Ushuru wa mazao tuuweke asilimia 3 ya thamani, 720,000. Thibitisha kiwango na masharti kwenye halmashauri unakonunulia. Kukamua kwa 60,000 kwa tani ni 1,800,000. Madumu 375 ya lita 20 kwa 4,000 ni 1,500,000. Pango la miezi saba ni 1,400,000. Jumla 31,420,000.

Mafuta ni lita 7,500 kwa 4,000, sawa na 30,000,000. Mashudu kilo 19,500 kwa 400 ni 7,800,000. Jumla 37,800,000. Faida 6,380,000.

Karatasi ya visanduku tisa ingekuachia hapo, ukiwa na furaha. Sasa weka miezi. Unanunua tani 15 Juni na tani 15 Julai. Unakamua na kuuza tani 5 kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba. Mashudu na nusu ya mafuta yanalipwa taslimu. Nusu ya pili ya mafuta inaenda madukani na kulipwa mwezi unaofuata. Magunia yote unayanunua Juni, madumu kila mwezi kadiri unavyokamua.

| Mwezi | Inaingia | Inatoka | Jumla inayoendelea |
|---|---|---|---|
| Juni | 0 | 13,810,000 | -13,810,000 |
| Julai | 3,800,000 | 13,860,000 | -23,870,000 |
| Agosti | 6,300,000 | 750,000 | -18,320,000 |
| Septemba | 6,300,000 | 750,000 | -12,770,000 |
| Oktoba | 6,300,000 | 750,000 | -7,220,000 |
| Novemba | 6,300,000 | 750,000 | -1,670,000 |
| Desemba | 6,300,000 | 750,000 | 3,880,000 |
| Januari | 2,500,000 | 0 | 6,380,000 |

Kwenye Excel, weka miezi safu A, inaingia safu B, inatoka safu C, na jumla safu D. Mstari wa kwanza wa D na unaofuata ni hivi, kisha buruta chini:

```
D2: =B2-C2
D3: =D2+B3-C3
```

Soma namba ndogo kuliko zote kwenye safu ya mwisho. Ni 23,870,000 chini ya sifuri, mwisho wa Julai. Hicho ndicho kiasi cha mtaji ambacho biashara inahitaji, na hakipatikani popote kwenye kanvasi. Lakini usiishie hapo, kwa sababu jedwali la mwezi linaficha mambo ya ndani ya mwezi. Alizeti ya Julai utainunua wiki ya kwanza bei ikiwa chini, na mafuta yataanza kuuzwa wiki ya tatu. Kwa wiki hizo mbili shimo halina ile 3,800,000 ya kulipunguza, na linaweza kufika 27,670,000. Miezi ya manunuzi makubwa igawe kwa wiki.

Hatua ya 6: Jaribu kuivunja hesabu yako

Sehemu hii ndiyo inayotofautisha mchanganuo wa kweli na ule uliopambwa. Badilisha namba moja kwa wakati na uangalie faida inavyosogea.

Bei ya mafuta ikishuka asilimia 10, kutoka 4,000 hadi 3,600, mapato yanapungua 3,000,000. Faida inabaki 3,380,000. Mafuta yakitoka lita 22 kwa kilo 100 badala ya 25, unapoteza lita 900, sawa na 3,600,000; utaokoa madumu 45 tu. Yote mawili yakitokea pamoja, faida inakaribia kwisha. Andika hivyo hivyo kwenye mchanganuo, kisha eleza utakavyozuia kila moja.

Lita hupungua kwa sababu zinazojulikana: mbegu zilizonunuliwa zikiwa na mapepe mengi, mbegu zenye unyevu, au chuma cha kukamulia kilicholika. Mchanga kwenye mbegu zilizopurwa chini ndio unaokila chuma hicho haraka. Dalili ni mashudu yanayotoka mazito na yenye kung'aa mafuta ukiyabana mkononi. Kinga ya kuandika: kukamua kilo 100 za majaribio kwa kila muuzaji mkubwa kabla ya kulipa mzigo wote, chekecheke kabla ya mashine, na magunia kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Bei ni ngumu zaidi kuidhibiti. Mafuta ya alizeti hushindana na mafuta yanayoagizwa nje, kwa hiyo ushuru wa forodha ukibadilika, bei ya dumu lako inabadilika pia. Bajeti ya serikali ya Tanzania husomwa Juni na kuanza kutumika Julai 1, yaani katikati kabisa ya manunuzi yako. Kwa hiyo ratiba ya kununua nusu Juni na nusu Julai ina sababu, na sababu hiyo iandikwe: ushuru ukishuka, tani 15 za pili zinunuliwe kwa bei mpya au zisinunuliwe.

Hatua ya 7: Linganisha mkopo na shimo

Tuseme una 10,000,000 zako. Shimo la ndani ya mwezi ni 27,670,000, kwa hiyo unaomba 18,000,000. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi kwa salio linalopungua, marejesho sawa kwa miezi 12, ni karibu 1,700,000 kila mwezi. Jumla utarudisha 20,400,000. Riba ni 2,400,000, na faida inashuka hadi 3,980,000.

Rudi kwenye jedwali. Juni unaanza na 28,000,000 na kumaliza na 14,190,000. Julai, ukishanunua na kulipa gharama zote za mwezi, unabaki na 330,000 kabla mafuta hayajauzwa. Kama rejesho la kwanza linaangukia Julai 5, huna pesa ya kulilipa, ingawa biashara yako ni nzima na ina faida. Kwa hiyo ombi lako kwenye mchanganuo lisiwe tu "mkopo wa milioni 18". Liwe "mkopo wa milioni 18, rejesho la kwanza mwisho wa Agosti", na jedwali liambatanishwe kama sababu. Uliza pia riba ya miezi hiyo ya neema inahesabiwaje, kisha uiingize kwenye jedwali. Ombi lenye sababu kama hiyo linajadilika. La kuomba neema baada ya kuchelewa kulipa ni jambo jingine kabisa.

Kuna mtego wa pili, nao uko Januari. Marejesho yakianza Julai, madeni ya maduka yakishaingia akaunti itasoma karibu 22,480,000. Inaonekana kama utajiri. Humo ndani kuna marejesho matano ambayo bado hayajalipwa, 8,500,000, na mauzo yameisha hadi mavuno yajayo. Jedwali lako lisikome pale mauzo yanapoisha. Liendeshe mpaka rejesho la mwisho.

Kabla hujaandika neno lolote kwa mkopeshaji, uliza kama ana fomu au mpangilio wake. Kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata uchukue mpangilio wanaoutumia. Kikundi kinachopeleka andiko la kurasa 40 lililonunuliwa stationari kwa kawaida hukwama swali la kwanza likiulizwa kwa mweka hazina.

Hatua ya 8: Andika kurasa zilizobaki kuzunguka jedwali

Jedwali likishakamilika, maandishi huja haraka, na kanvasi yako sasa ni dondoo. Wateja, thamani, njia na mahusiano yanakuwa sura ya soko, kurasa mbili au tatu. Rasilimali, shughuli na washirika yanakuwa sura ya uendeshaji, kurasa mbili. Gharama na mapato tayari yako kwenye jedwali. Ongeza ukurasa mmoja wa kueleza kila namba ilikotoka.

Kuna mambo matatu ambayo kanvasi haina sanduku lake, na lazima uyaandike upya. Washindani: mashine ngapi ziko karibu, zinatoza bei gani, zinanunua kwa bei gani. Watu: nani ana ufunguo wa ghala, nani anapima, nani anaandika daftari, na wasiwe mtu mmoja. Na vibali: ukiuza mafuta kwa jina lako unahitaji alama ya ubora ya TBS, na wajasiriamali wadogo mara nyingi huanzia ofisi ya SIDO ya mkoa kupata barua ya utambulisho. Muda wa kupata alama hiyo uingie kwenye kalenda. Maduka yakigoma kupokea mafuta yasiyo na alama, mauzo yako ya Julai yanasogea Septemba na shimo linabaki wazi miezi miwili zaidi.

Ukurasa wa muhtasari unaokaa mwanzo wa mchanganuo uandike mwisho kabisa. Viambatanisho viwe vichache: mkataba wa banda, ankara kifani ya vipuri, karatasi ya majaribio ya kilo 100, na picha ya mizani na ghala.

Kazi ikianza, fungua jedwali kila mwisho wa mwezi na uongeze safu mbili pembeni: kilichoingia kweli na kilichotoka kweli. Agosti ikiingiza 5,000,000 badala ya 6,300,000, angalia kwanza daftari la madeni ya maduka kabla ya kulaumu bei, kwa sababu duka linalochelewa mwezi mmoja huonekana kwenye jedwali sawasawa na mafuta yasiyouzika. Kama ni deni, simamisha kulipelekea duka hilo madumu mapya mpaka lilipe. Kama ni bei, mwone afisa mkopo mwezi huo huo, ukiwa na jedwali lililosahihishwa, kabla rejesho halijapita tarehe yake.